Je, Yafaa Kusema "Yaliyopita Si Ndwele"?

Watu wakigombana kisha wakaitwa barazani kupatana, mara nyingi mkubwa wao husimama akaanza kwa mithali hii: "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Maneno hayo ni mazuri, na wazee waliyatunga kwa hekima. Lakini nauliza: je, ni haki kuyasema kabla ya kuyataja hayo yaliyopita? Na ni nani mwenye haki ya kuyasema, aliyekosa au aliyekosewa?

Nitakuelezeni jambo nililoliona mwenyewe. Katika chama kimoja cha wakulima wa kahawa, watu walikuwa wakileta kahawa mbichi katika matenga, na mpimaji alikuwa akitoa kilo 2 kwa kila tenga, kuwa ndio uzito wa tenga tupu. Mama mmoja, mjane, akalipima tenga lake dukani, akaona ni kilo 1 tu. Basi aliyeleta matenga 30 amepunjwa kilo 30. Na kwa kuwa kilo 6 hivi za kahawa mbichi hutoa kilo 1 ya kahawa kavu, amepoteza kama kilo 5 za kahawa kavu. Habari ikaenea. Watu wakaitana wezi, wengine wakaacha kuleta kahawa, hata ndugu wa tumbo moja hawakusalimiana.

Mwenyekiti alipoufungua mkutano, sisi sote tuliitazamia ile mithali. Hakuisema. Alisimama akanena hivi:

"Wazee wangu, mama zangu, na ndugu zangu. Mama huyu aliniletea habari ya tenga mwezi wa Agosti. Leo ni Oktoba. Kwa muda wa majuma tisa nalijua, nikanyamaza, maana naliogopa aibu ya chama. Kosa hilo ni langu, wala si la mpimaji. Tunalolijua ni hili: tenga ni kilo 1, nanyi mmekatwa 2. Tusilolijua ni kama ilikuwa hila au uzembe. Kwa hiyo simwiti mtu mwizi, wala simwiti mwema, mpaka vitabu vihesabiwe. Siwaombi mniamini leo. Nawaomba mje Jumamosi, mizani ijaribiwe kwa jiwe la kilo 10 mbele ya macho yenu, na kila tenga lipimwe tupu kwanza. Tena tangu siku hiyo watu wawili wataandika katika vitabu viwili, na mmoja wao mtamchagua ninyi. Sasa naketi. Aseme kwanza aliyepunjwa."

Akaketi, asijibu neno mpaka wote walipokwisha kusema.

Tuyapime maneno hayo. Kwanza, hakusema, "Kama yuko aliyeudhika, anisamehe." Neno hilo "kama" huondoa kosa kwa mkosaji na kulitwika kwa aliyeudhika, kana kwamba shida ni wepesi wake wa kukasirika. Yeye alitaja kosa, na mwezi, na sababu iliyomwaibisha. Pili, alitenga yanayojulikana na yasiyojulikana. Hivyo mpimaji naye aliona kwamba haki haitamwacha, akathubutu kuja mkutanoni. Tatu, hakuomba kuaminiwa. Maana imani haitolewi kwa kuombwa. Hurudi kidogo kidogo kwa mambo ambayo mtu aweza kuyakagua mwenyewe. Ahadi kubwa isiyo na siku haikaguliki. Jiwe la kilo 10 siku ya Jumamosi lakaguliwa hata na mtoto.

Labda mtu atanipinga, akisema kwamba wakubwa wamepatanisha watu kwa kuwaomba wasahau. Ni kweli. Tarehe 12 Agosti 1963, Jomo Kenyatta, aliyekuwa amefungwa na serikali ya kikoloni, alisema na walowezi huko Nakuru, akawasihi wasamehe na kusahau. Lakini angalia: aliyeomba kusahau ndiye aliyekuwa ameteswa, naye aliomba asamehewe yeye pia kama aliwakosea. Tena alitaja waziwazi jambo walilolihofu, yaani mashamba yao, akiwataka wabaki na kulima. Aliyeumizwa akisema "tusahau," anatoa zawadi. Aliyeumiza akisema neno lile lile, anadai zawadi.

Wala hotuba si dawa ya yote. Jumamosi ile mizani ilijaribiwa, na wengi wakarudi. Lakini yule mjane aliendelea kupima tenga lake dukani mwaka mzima. Wengine walimcheka. Mwenyekiti aliwakataza, akasema, "Mwacheni, ndiye anayetulinda."

Basi nitajibu swali langu. Mithali ni ya kweli, ila mahali pake ni mwisho wa baraza, na kinywa chake ni cha aliyekosewa. Ndwele isiyotajwa jina haigangiki, wala haijawa bado miongoni mwa yaliyopita.