Ile 2 Aliyoiandika kwa Mkono Wake

Kuna karatasi moja ya kemia ambayo bado inaniuma. Niliisahihisha hapa Buna, katika mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, ule tunaowapa vijana ili wazoee karatasi ya tatu ya KCSE, ya vitendo. Mwenye karatasi alikuwa na mkono mtulivu. Majibu yake ya bureti yalikuwa 24.9, 25.0 na 25.1, na wastani wake 25.0. Mwanafunzi anayepata hivyo amesubiri tone la mwisho kwa subira. Alama za jedwali alizipata zote. Alama za hesabu zikamponyoka karibu zote, kwa kosa la mstari mmoja.

Swali lilikuwa hili. Magadi ya kufulia, yaani kaboneti ya sodiamu yenye maji ndani ya fuwele zake, yameyeyushwa gramu 14.3 kwa kila lita. Mwanafunzi anachukua sentimita za ujazo 25.0 za maji hayo kwa pipeti, anaweka kwenye chupa ya koni, anatia matone mawili ya methili ya rangi ya chungwa, kisha anateremsha asidi ya hidrokloriki yenye moli 0.1 kwa lita mpaka rangi ya njano igeuke. Mwishoni anatafuta ile x katika Na2CO3.xH2O: kila fomula moja ya kaboneti imeshika molekuli ngapi za maji?

Kijana aliandika mlinganyo kwanza, na akausawazisha bila kosa:

Na2CO3 + 2HCl → 2NaCl + H2O + CO2

Nikampa alama yake. Mstari uliofuata ukawa M1V1 = M2V2. Ujazo wa kaboneti 25.0, ujazo wa asidi 25.0, asidi ni 0.1, basi na kaboneti ni 0.1. Hapo ile 2 aliyoiandika punde tu mbele ya HCl haikutumika tena mpaka mwisho wa ukurasa.

Tufuate njia aliyopaswa kupita. Moli za asidi ni 0.1 mara 25.0, gawa kwa 1000: tunapata 0.0025. Mlinganyo unasema kaboneti moja humaliza asidi mbili, kwa hiyo moli za kaboneti ni nusu, 0.00125. Hizo zimo katika sentimita 25.0, basi katika lita nzima ni 0.05. Gramu 14.3 ukigawa kwa 0.05 unapata uzito wa fomula 286. Toa 106 za kaboneti kavu, zinabaki 180. Gawa kwa 18 za maji, x ni 10.

Yeye aligawa 14.3 kwa 0.1, akapata 143. Akatoa 106, zikabaki 37. Akagawa kwa 18, akapata 2.06. Akaandika: x = 2.

Nawaomba wanafunzi na walimu wenzangu tusimame hapa, kwa sababu onyo lilikuwa mbele ya macho yake. Molekuli za maji huhesabiwa nzima nzima, na kipimo kilichofanywa vizuri kama chake kilipaswa kumletea namba nzima. Ile 0.06 ni ndogo, ni rahisi kuifuta, naye aliifuta. Laiti kosa lake lingekuwa la kuzidisha kwa mbili badala ya kusahau, angepata uzito wa fomula 71.5, ambao ni mdogo kuliko hata kaboneti kavu, na hesabu ingegoma yenyewe. Ubaya wa kosa la kusahau ni kwamba lilimpa jibu linalofanana na jibu.

Nami nisijitoe. Nilipoiona hiyo 2, nilianza kumtafutia udhuru. Fuwele za magadi zikiachwa wazi kwenye joto letu hupoteza maji na kugeuka unga mweupe. Nikawaza, labda kopo lilikaa wazi, labda kweli maji yamepungua. Nilikaribia kumpa alama. Kilichonizuia ni karatasi ya jirani yake: myeyusho uleule, asidi ileile, 25.0 ileile, na x yake 10. Kama fuwele zingekuwa zimekauka, kila gramu ingekuwa na kaboneti nyingi zaidi, na asidi ingehitajika zaidi kwa kila mtu. Asidi haikuzidi. Tena, fuwele za kaboneti ya sodiamu zinazojulikana hushika maji 1, 7 au 10. Mbili haimo.

Nilimwita kesho yake, nikamuuliza alikoitoa ile fomula.

"Mwalimu, si ndiyo ya taitresheni? Siku zote imenipa jibu."

Alisema kweli, na hapo ndipo kosa lilipozaliwa. M1V1 = M2V2 ni fomula ya kuzimua: unaongeza maji, moli zinabaki zilezile. Katika taitresheni inakubali tu pale ambapo moja hukutana na moja, kama asidi ya hidrokloriki na hidroksidi ya sodiamu. Mazoezi yetu mengi ya kidato cha tatu yalikuwa ya hizo mbili, kwa hiyo tulimfundisha bila kujua kwamba uwiano hauna kazi.

Nikamuuliza, "Punda wa maji hapa hubeba mitungi mingapi?"

"Miwili, mmoja kila upande."

"Ukikuta mitungi ishirini imeteremshwa kisimani, punda walikuwa wangapi?"

"Kumi." Akanyamaza, akaivuta karatasi karibu, akaweka kidole juu ya ile 2.

Kuna jambo moja zaidi nililomwambia, kwa sababu sikutaka atoke pale akikariri "kaboneti ni nusu" kama alivyokariri ile fomula. Uwiano hutoka kwenye mmenyuko ulioufikisha mwisho, na kiashiria ndicho kinachokuambia umesimama wapi. Myeyusho uleule ukiutilia fenolfthalini, rangi ya waridi itapotea kwenye sentimita 12.5 hivi, kwa sababu hapo kaboneti imefika nusu ya safari tu, imekuwa bikaboneti:

Na2CO3 + HCl → NaHCO3 + NaCl

Hapo uwiano ni moja kwa moja, na anayegawa kwa mbili ndiye atakayekosa. Kwa hiyo soma kiashiria, andika mlinganyo wake, kisha chini yake andika uwiano kwa namba kabla hujagusa ujazo wowote. Mstari huo mmoja, "kaboneti 1 : asidi 2", ndio uliokosekana kwenye karatasi yake.

Kisha tukapima. Tuliweka gramu 2.86 za fuwele zilezile kwenye kibakuli cha kauri, tukapasha kwa moto mdogo. Kwanza ziliyeyuka ndani ya maji yake zenyewe, zikatokota na kurusha vitone, mpaka tukapunguza moto. Baadaye ukabaki ukoko mweupe. Tulipoza, tukapima, tukapasha tena, tukapima tena mpaka uzito ukaacha kushuka. Kama x ingekuwa 2, zingebaki gramu 2.13 hivi. Ikiwa ni 10, zinapaswa kubaki 1.06.

Mizani ilisoma 1.06.