Saa ya Nani?

Dada aliyenipigia kutoka Nairobi alianza kwa kuniuliza hali ya usalama huko kwetu, kama mambo ya wizi wa mifugo yametulia. Nikamwambia hiyo ni Samburu nyingine, ya Maralal. Hii yetu iko Kwale, kwenye barabara ya Mombasa, ukishapita Mariakani na kabla hujafika Taru. Akacheka, nami nikacheka. Kisha akaeleza kazi. Kampuni yake ilikuwa na rekodi za saa 18, wazee na akina mama wakihojiwa kwa Chiduruma kuhusu ukame, na ilitaka mtu wa kuziandika neno kwa neno, halafu atafsiri kwa Kiswahili. Kazi ya mkataba, si ajira.

“Sasa, unachaji ngapi kwa saa?”

Swali hilo huwa linanitia aibu ambayo sijui ilitoka wapi. Nikasema elfu moja mia tano. Nilitarajia agune, maana hapo awali sijawahi kulipwa hata nusu yake. Lakini alisema “sawa, nimeandika” upesi sana, na ule upesi ndio ulioninyima usingizi.

Usiku nilichukua rekodi yangu ya zamani, nikakata dakika 10 tu, nikaweka saa ya simu. Kuziandika kulichukua dakika 55. Mzee anameza maneno, upepo unapiga maikrofoni, mbuzi wanalia, na kuna neno moja la Chiduruma ilibidi nimwamshe mama aniambie maana yake. Kutafsiri, dakika 25. Jumla 80. Maana yake saa moja ya rekodi inanila saa nane. Rekodi za saa 18 ni saa 144 za kukaa kitini.

Hapo nikaona balaa. Mimi niliposema “kwa saa” nilimaanisha saa yangu ya kazi, na hesabu yangu ilikuwa inaelekea 216,000. Yeye, bila shaka, aliandika saa ya rekodi: 27,000 kwa kazi nzima. Hiyo ni chini ya shilingi 190 kwa kila saa nitakayokaa. Tulikuwa tumekubaliana kwa furaha juu ya neno moja lenye maana mbili.

Rafiki yangu mmoja wa Ukunda, ambaye hufanya kazi hizi za mtandaoni, aliniambia ninyamaze. “Wacha waandike ‘saa’ kwenye mkataba. Ukimaliza, toa ankara ya saa zako. Wakibisha, waonyeshe walichosaini.” Lazima nikiri nililifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema.

Kilichonisumbua si kama bei yangu ilikuwa kubwa. Sidhani mtu anadanganya akitaja bei ya juu. Bei ni ombi. Anayeulizwa anajua anaweza kukataa, na wote wawili wanajua hivyo. Hata akikuuliza ulilipwa ngapi mara ya mwisho, una haki ya kukaa kimya, ingawa huna haki ya kutunga nambari. Uongo hauko kwenye kiasi. Uko kwenye kipimo, pale unapojua mwenzako ameelewa kingine na wewe unangoja asaini.

Najua mtu atasema: na yeye je? Mtu anayeajiri waandishi wa rekodi kila mwezi hajui saa moja ya sauti huzaa saa ngapi za kazi? Labda alijua, labda “sawa” ile ilikuwa ya mtu aliyeokota pesa njiani. Lakini sikuweza kuona vipi ukimya wake ungeusafisha wangu.

Isitoshe, ugomvi huu ni wa zamani. Neno lenyewe kibarua ni barua ndogo. Enzi za mkoloni Kenya, mtu wa shambani alipewa karatasi ya siku 30 za kazi. Kila siku aliyofanya ikatiwa alama, na mshahara ukatoka alama zikitimia. Mnyapara akisema sehemu uliyopewa hukuimaliza, siku yako haikutiwa alama, hata kama jua lilikuchoma kutwa. Kiwango cha mshahara kilijulikana. Kilichogombaniwa ni nini kihesabiwe kuwa siku.

Asubuhi nikamwandikia: “Dada, kabla hatujaenda mbali, tulipoongea nilimaanisha saa ya kazi. Rekodi zenu zikifanana na yangu, kila dakika ya sauti inachukua dakika nane. Naomba tuache saa, tuhesabu dakika ya rekodi: shilingi 60, kuandika na kutafsiri pamoja.” Hiyo ilikuwa 64,800 kwa kazi yote. Nilishusha sana kutoka ndoto yangu ya usiku, kwa sababu ile 216,000 hakuna mtu angeilipa, na kusema kweli mwenyewe sikuwahi kuiamini.

Akapiga simu. Hakukasirika. Akasema, “Lakini kaka, wewe uko Samburu. Maisha huko si ni nafuu?”

Nafuu kiasi gani, sijui. Sisi maji tunanunua kwa mtungi. Lakini tuseme ni kweli. Huo unafuu ni wa nani? Kama mama yangu ananipa chumba bure, hiyo ni zawadi yake kwangu, hakuitoa kwa kampuni ya Nairobi. Na wao walinitafuta huku kwa sababu Chiduruma kiko huku. Hakiwezi kuwa adimu wakati wa kunitafuta kisha kikawa rahisi wakati wa kunilipa. Nilimwambia hivyo, kwa heshima zaidi kidogo. Tukaishia shilingi 50 kwa dakika, yaani 54,000.

Malipo ndiyo yalituchosha. Mkataba ulisema nitalipwa “baada ya mteja kulipa kampuni”. Sentensi fupi, inapita kama kipengele cha kawaida. Lakini mteja huyo mimi simjui, sina mkataba naye, siwezi kumpigia simu. Akichelewa miezi mitano, ni mimi nimewakopesha, bila riba na bila kuulizwa kama nina cha kukopesha. Nikaomba asilimia 40 kwanza, na iliyobaki siku 14 baada ya kupokea kazi, mteja awe amelipa au la.

“Hivi ndivyo tunavyofanya na kila mtu,” akasema. Nikamjibu ninaelewa, lakini bila tarehe siwezi. Nilikuwa nimeogopa sana; kazi nyingine sikuwa nayo. Alirudi baada ya siku mbili na asilimia 30 mbele, na siku 21 tangu kupokea kazi. Nikauliza pia kama 54,000 ni kabla au baada ya kodi. Ni kabla. KRA wanakatwa asilimia 5, yaani 2,700, na cheti cha makato niletewe.

Mjomba wangu hupakia mbuzi kwenye malori pale barabarani. Kwa Sheria ya Ajira ya 2007, yeye ndiye kibarua hasa: anaajiriwa kwa siku, na malipo yake ni mwisho wa siku hiyo. Nilipomwambia nitalipwa wiki tatu baada ya kumaliza, alinitazama kwa huruma.

“Na umesoma,” akasema.

Sehemu ya pili iliingia M-Pesa siku ya 24. Cheti cha kodi bado nakidai.