Mabati 20 kwa Paa la Mabati 34

Mkulima mmoja wa Lusahunga, nyumba yake ya vyumba vitatu ilipofika lenta, alipima sakafu: mita 9 kwa 5, yaani mita za mraba 45. Bati la futi 10 lina urefu wa takribani mita 3, na lile alilochagua lilifunika sentimita 75 za upana baada ya kupishana. Akagawanya, akapata mabati 20. Akayanunua, akakodi gari, akayashusha uwanjani.

Upande wa kwanza ulimeza mabati 17. Yakabaki matatu, na mvua za vuli zikakuta upande wa pili ni kenchi tupu. Mbao zililowa, zikakauka, zikapinda.

Kosa lake ni kupima sakafu badala ya mteremko. Paa hutoka nje ya ukuta, naye alitaka nusu mita kila upande, hivyo urefu ukawa mita 10. Ukigawa kwa sentimita 75 unapata 13 na ushee, na ushee huo unadai bati zima: 14. Kutoka ukingoni hadi kileleni, paa likipanda mita 1.4, mteremko unazidi mita 3.3 kidogo. Bati la mita 3 halifiki. Juu yake panahitajika kipande kinachozidi nusu mita kidogo, ukihesabu sentimita 20 za kupishana. Bati moja hutoa vipande vitano, kwa hiyo vipande 14 vinakula mabati matatu. Upande mmoja 17, pande mbili 34, kofia mbali. Angepunguza ukingo hadi sentimita 20, bati moja lingefika kileleni, ila ukuta wa tofali za udongo ungelowa, na huo mimi nisingeuweka rehani.

Mbao nazo hufuata mteremko. Kenchi zikiachana mita 1.5 zinakuwa saba, na kila moja hula mbao tano za 2 kwa 4 za futi 12. Ongeza sita za kulaza juu ya ukuta: 41. Papi za 2 kwa 2 ni mistari mitano kila upande, mbao tatu kwa mstari, jumla 30. Kila kiungo kiangukie juu ya kenchi. Misumari ya bati ni mitatu kwa kila bati kwenye kila papi, jumla 420, ipigwe mgongoni mwa bati, kamwe si bondeni maji yanakopita. Kwa kuwa dukani huuzwa kwa kilo, hesabu 100, ipimwe, ndipo ujue kilo zako.

Ujira ulimuumiza zaidi. Alipatana na fundi kwa bati, akaweka akiba ya ujira wa mabati 20. Kenchi hazikutajwa kabisa, na fundi alikuwa na haki ya kuzidai. Patana bei ya kenchi, papi na kuezeka kila moja peke yake, mbele ya shahidi, ulipe kwa hatua. Fungu la mwisho litoke ukishaingia ndani mchana, milango na madirisha yamezibwa, ukatazama juu usione tundu hata moja la mwanga.