Alfajiri Iliyochukuliwa na Kitalu

Kisa hiki ni cha Puge, kwenye barabara ya Nzega kwenda Tabora, lakini kinaweza kumkuta yeyote kati yetu mwenye mtoto wa kidato cha nne.

Kijana mmoja wa kidato cha nne aliishi huko na wazazi na wadogo zake katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mwezi Julai alimwomba mama yake amwachie alfajiri, saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili na nusu, asome kabla wadogo zake hawajaamka. Mama akaridhia kwa moyo mweupe. Hakuna aliyekumbuka kwamba familia ililima tumbaku, na kwamba miche ya tumbaku huanzia kitaluni kabla ya mvua, ikimwagiliwa asubuhi na jioni. Kitalu kilipoanza, ndoo zilikuwa zikimsubiri mlangoni saa ileile aliyoahidiwa.

Kwa heshima, hakusema kitu. Akahamishia masomo usiku, redio ikishazimwa, karibu saa tano. Hapo dalili zilianza kuonekana, na nawasihi tuzitazame vizuri. Daftari lilifunguliwa ukurasa uleule usiku baada ya usiku. Asubuhi ukimuuliza alichosoma, alitaja mada tu, hakuweza kuieleza. Mama aliona macho mekundu akasema mwanangu anajitahidi. Nani kati yetu asingesema hivyo?

Dalili kubwa ilikuwa maktaba ya mkoa, mjini Tabora. Jumamosi alizopata nauli alikwenda huko, akarudi na kurasa nyingi alizonakili vitabuni. Meza pana na utulivu, vitu asivyovipata nyumbani, alivitumia kwa kazi ambayo mkono huifanya huku akili imelala. Hakuwahi kukaa pale na mtihani uliopita, vitabu vimefungwa, akajibu kwa saa tatu kamili. Novemba, kwenye mtihani, alipoulizwa kuhusu biashara ya masafa marefu, yeye mtoto wa Unyamwezi, aliandika pembe za ndovu na chumvi ya Uvinza, akakwama. Maelezo mengine yalikuwa kwenye daftari lake, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Aliporudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, walikaa na mama na baba kabla ya kitalu kuanza. Zamu ya asubuhi ilichukuliwa na mdogo wake, yeye akabeba ya jioni pamoja na kuteka maji. Redio ilizimwa saa tatu usiku ili wote walale mapema, kwa sababu alfajiri ya mtu aliyelala saa sita usiku ni usingizi wa kukaa. Baba aliomba siku za kuhamisha miche shambani zisihesabiwe, na kijana alikubali: siku hizo alilala tu. Alfajiri nyingine alijibu swali moja bila daftari, kisha akalifungua kuona alichosahau. Alichokosa alikiandika kwenye kipande cha karatasi, na hicho ndicho alichokwenda kukitafuta maktaba Jumamosi.