Jina la Mwenzio ni Amana

Katika matangazo ya kazi limo agizo moja ambalo vijana wengi hulisoma upesi na kulipita: mwombaji ataje majina matatu ya wadhamini wa kuaminika. Agizo hili limo katika matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyopo hapa Dodoma, na limo vilevile katika yale ya hospitali, mashule na mashirika. Kijana huandika jina la msimamizi wake wa zamani na namba yake ya simu, kisha hufunga maombi yake na kungoja. Nasi twauliza: je, jina hilo ni mali ya nani? Yafaa mtu kulitumia pasipo kumwuliza mwenyewe? Na akiisha kumwuliza, je, deni lake limekwisha?

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Mtu akiombwa kuwa mdhamini, mara nyingi moyo wake hushtuka, maana amemjua mdhamini wa mahakamani, na mdhamini wa mkopo katika chama cha akiba, ambaye mkopaji akitoroka yeye ndiye alipaye. Mdhamini wa kazi si huyo. Hatii sahihi deni, wala halipi fedha mwombaji akiharibu. Kazi yake ni kusema aliyoyaona. Kwa hiyo aombaye na aeleze jambo hili tangu mwanzo, ili mwenzake asikatae kwa hofu isiyo na sababu, wala asikubali pasipo kuelewa.

Tena yafaa kutenga cheti na ushuhuda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamwagiza mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira yake inapokoma. Cheti hicho ni haki ya mfanyakazi, naye hakiombi kama hisani. Lakini cheti chasema kwamba ulifanya kazi. Hakisemi ulikuwa mtu wa namna gani siku ya shida. Neno hilo msimamizi hulitoa kwa hiari yake, akiweka jina lake mwenyewe nyuma yake. Akimsifu mvivu, mara nyingine hatasadikiwa. Basi ni wazi kwamba jina lake ni amana mkononi mwa mwombaji, wala si kitu cha kuokota.

Tuchukue mfano. Binti mmoja alikuwa karani wa ghala la mahindi huko Kibaigwa kwa muda wa miaka 3. Sasa aona tangazo la kazi ya utunzaji wa ghala katika hospitali moja, nalo latoa siku 14. Msimamizi wake wa zamani ni mama aliyekwisha kustaafu, akaaye Mpwapwa. Binti huyu asingoje siku ya 13. Katika siku za kwanza na ampigie simu, maana sauti yaonyesha mambo ambayo maandishi huficha: "Shikamoo, Mama. Nataka kuomba kazi ya ghala hospitalini, nao wataka watu walioniona kazini. Je, Mama, waona waweza kunishuhudia vema kwa kazi ya namna hii? Kama waona vigumu, niambie tu, wala sitanung'unika."

Angalieni swali hilo. Hakuuliza tu kama mama atakubali kutajwa, kwa kuwa kwetu ni aibu kumnyima mtu jambo dogo hivyo, na wengi wangejibu ndiyo kwa ajili ya heshima. Ameuliza kama ushuhuda utakuwa mwema, tena amefungua mlango wa kukataa. Mama akijibu kwa furaha, akakumbusha na siku ile hesabu ya magunia ilipopotea na binti akaitafuta mpaka usiku, huyo ndiye shahidi. Lakini akisema, "Haya, andika tu," au "Tutaona," hilo nalo ni jibu. Binti na ashukuru kwa adabu, akatafute mwingine. Shahidi asitaye huharibu zaidi kuliko asiyekuwapo, kwa sababu aulizaye husikia kusita kwake.

Mama akiisha kukubali, na apelekewe tangazo lenyewe, maelezo ya binti kama alivyoyaandika, tarehe za kuanza na kuacha kazi, na mambo mawili matatu aliyoyafanya mbele ya macho yake. Huku si kumfundisha maneno. Mtu aliyesimamia makarani wengi aweza kusahau mwaka, na karatasi ikisema miaka 3 naye akasema miwili, mwombaji ataonekana mwongo ingawa hakudanganya. Tena na athibitishe namba ya simu, kwa kuwa watu hubadili namba. Lakini jambo moja asiliombe kamwe, yaani kwamba mama afiche kosa au aongeze cheo. Kama aliacha kazi kwa ugomvi, na amweleze mama lile alilowaambia waajiri, tena liwe kweli. Kisha amwache aseme yake.

Sasa twafika penye kosa la wengi. Wakiisha kukubaliwa, hunyamaza. Mama yumo ndani ya basi, simu yalia kutoka namba ngeni, aulizwa habari za fulani; ashindwa hata kukumbuka ni kazi gani. Kumbe habari tatu fupi zingetosha. Ya kwanza, siku maombi yalipopelekwa: "Mama, nimekwisha kuyapeleka leo, jina lako limo." Ya pili, akiitwa kwenye usaili: siku yake, na jina la hospitali, ili mama ajue simu yaweza kuja wakati huo. Ya tatu, mwisho wa shauri, liwe limekuwaje. Kati ya hizo hapana haja ya kumsumbua kila juma. Ila kazi za serikali zaweza kuchukua miezi, maana upo usaili wa mchujo, halafu wa ana kwa ana. Na aliyefaulu akakosa nafasi aweza kuwekwa katika kanzidata mpaka nafasi ipatikane. Mambo yakichelewa hivyo, na amwambie mama kwamba angali angoja, wala asimwache adhani yamekwisha.

Ile habari ya tatu ndiyo ngumu, hasa mtu akikosa kazi. Husema moyoni: Nitampelekea mama aibu yangu kwa nini? Lakini mfikirini mama. Huenda alipigiwa simu, akajibu kwa uaminifu, hata akataja udhaifu mmoja alioulizwa. Baadaye asikia kimya. Ajiuliza, "Je, ni neno langu lililomkosesha mwanangu kazi?" Anyamazaye kwa kujificha aibu yake amemtwika mwenzake mzigo usio wake. Maneno machache tu humtua: "Mama, safari hii sikupata, wamemchukua mwingine. Nakushukuru kwa kunisimamia. Nikiomba pengine nitakuuliza tena." Na amwulize kweli tena, kwa maana ruhusa ya kazi ile si ruhusa ya kila kazi.

Na zawadi je? Kikapu cha zabibu kikipelekwa kabla ya ushuhuda, chafanana na bei, nacho chamfunga ulimi shahidi. Kikipelekwa baada ya shauri kwisha, ni shukrani. Kitu ni kile kile. Siku yake ndiyo iliyokigeuza. Wala aliyekosa kazi asidhani kwamba yeye hadaiwi shukrani. Mama alisema kweli kwa ajili yake, na kwa hilo alikwisha kutenda sehemu yake yote.