Aibu ya maziwa: Anayestahili kuambiwa ni nani?

Mimi ni mwalimu wa maarifa ya Uislamu, na pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam nafuga ng'ombe wawili wa maziwa. Kwa muda mrefu nilimuuzia mchuuzi wa baiskeli lita 16 kwa siku, lita moja shilingi 1,300. Yeye aliyapeleka mjini na kuyauza shilingi 2,000. Nikaona nanyonywa, nikatafuta nyumba nane za kupelekea mwenyewe.

Hesabu yangu ya kwanza ilikuwa tamu: kutoka shilingi 20,800 hadi 32,000 kwa siku. Ya pili ikanitia adabu. Lita mbili hivi hubaki kila siku, kwa sababu huyu kasafiri na yule ana wageni waliokuja na maziwa yao. Kijana wa bodaboda anataka 2,000. Nikabaki na 26,000, na sehemu yake ni deni la mwisho wa mwezi. Kumbe ile 700 ya mchuuzi haikuwa dhuluma yote. Ndani yake mlikuwa na jasho la kukanyaga baiskeli na hasara ya maziwa yanayoharibika kwa joto letu hili.

Wapo wanaosema kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza madalali. Katika alivyokataza ni kuilaki misafara njiani kabla haijafika sokoni, na mwenye mali akampa haki ya kuuvunja mkataba akifika sokoni. Tatizo ni muuzaji kutojua bei ya soko, na mimi bei niliijua siku zote.

Lakini lililonifanya niandike si bei. Ng'ombe mmoja alipata ugonjwa wa kiwele. Nilipokamua matone ya mwanzo juu ya kitambaa cheusi nikaona mabonge, na chuchu moja ilikuwa imevimba na ina joto. Daktari wa mifugo akatoa tyubu za antibayotiki za kutia kwenye chuchu ile kwa siku tatu. Karatasi ya dawa ilitaka maziwa yamwagwe mpaka zipite siku tatu baada ya tyubu ya mwisho. Mimi nikamwaga ya chuchu ile tu. Ya chuchu tatu nyingine nikayachanganya na ya ng'ombe mzima, nikapeleka.

Siku ya nne mama mmoja akanipigia simu. "Mwalimu, mtindi wangu umekataa kuganda siku ya pili leo. Umetia nini?" Nikajibu kwa haraka kwamba labda chombo hakikuwa safi. Jioni nikampigia daktari. Akaniambia dawa huingia katika damu ya mnyama na kutokea hata kwenye chuchu nyingine, kwa hiyo humwagwa maziwa yote ya ng'ombe huyo. Dawa hiyo ndiyo iliyowaua vijidudu vya mtindi. Kuchemsha hakuiondoi yote, na mtu mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika. Laktomita ya mchuuzi hugundua maji, dawa haiigundui.

Nyumba saba zilichemsha chai na hazikuona kitu. Usiku ule nikajiuliza: niwaambie, au nimwambie aliyegundua tu? Nafsi ina hoja nzuri sana saa kama hizo. Jibu nilikuwa nalifundisha darasani. Mtume (s.a.w.) alikataza kumfunga mnyama bila kumkamua ili kiwele kijae na mnunuzi adanganyike, na akampa aliyedanganyika siku tatu za kuamua kumrudisha. Aibu ya bidhaa ni haki ya mnunuzi hata kama hakuiona. Nikapita nyumba zote nane, nikaeleza na kurudisha fedha za siku nne, shilingi 104,000. Nyumba mbili ziliniacha. Yule mama alibaki, ila sasa huniuliza afya ya ng'ombe kabla ya kuniamkia.

Kilichonisumbua zaidi ni kumbukumbu. Ng'ombe huyo aliwahi kuugua hivyo zamani, na nilifanya vilevile. Maziwa yangu yaliingia katika dumu la mchuuzi pamoja na ya wafugaji wengine, yakanyweka, na mtindi wa mtu pengine ulikataa akadhani chombo ni kichafu. Hakuna aliyenipigia simu. Tunasifu kuuza mlango kwa mlango kwamba kunaleta uaminifu, lakini mimi nilichopata hapo ni kujulikana. Kama ningekuwa mwaminifu, yule mchuuzi angeambiwa kabla ya mama wa mtindi, kwani naye ni mnunuzi, na haki yake haipungui kwa kuwa atauza tena.

Wanazuoni wengi wanasema haki ya mtu usiyemjua hutolewa sadaka kwa niaba yake, nami nimeanza kuitoa kidogo kidogo. Lakini mchuuzi namjua. Nilimkuta kibarazani anatengeneza pancha, nikamweleza yote, nikamwomba radhi na kumpa fedha. Akazihesabu, akarudisha nusu.

"Mwalimu," akasema, "wewe ndiye wa kwanza kuniambia. Nakusanya kwa watu tisa."

Nikamuuliza kama atawauliza wale wanane. Akaendelea kupaka solusheni.