MTAMA NA PAMBA: MPAKA WA KIYASI

Watu wa Bunda, waliao ng'ambo ya Ghuba ya Speke katika nchi ya Mara, hulima mtama, na hulima pamba. Ngano na shayiri, ambazo wanazuoni wamewafikiana juu ya zaka yake, si mazao ya huko. Ibnul Mundhir ameunakili wafaka huo, nao ndio ijmai. Na penye ijmai hakuna aruhusiwaye kuleta kauli mpya. Basi mtama hukumu yake yatoka wapi?

Yatoka katika kiyasi. Asli ni ngano, tawi ni mtama, hukumu ni wajibu wa zaka, na ilati, yaani sababu iunganishayo, kwa Mashafii, ni kuwa kitu hicho ni chakula cha kumtegemeza mtu, huliwa kwa hiari si kwa dhiki, na huwekwa akiba kisioze. Sifa hizi zote zimo katika mtama. Basi mkulima wa Bunda akivuna swaa 400 za mtama safi ulionyweshwa na mvua, atatoa swaa 40. Na kama aliunywesha kwa taabu ya kuteka maji, atatoa 20. Akivuna 290 hana juu yake kitu, kwani nisabu ni wasaki 5, na kila wasaki ni swaa 60.

Sasa aje mtu aseme: "Pamba yauzwa kwa fedha nyingi kuliko mtama, basi pamba ni aula zaidi." Maneno haya yavutia, lakini si kiyasi. Msemaji ameifanya thamani kuwa ilati, na thamani yavunjika pale pale: lulu na yakuti zina thamani kuliko ngano, wala hazina zaka kwa dhati yake, na ngano iliyoshuka bei haisameheki. Ilati ambayo hukumu huachana nayo si ilati. Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 204 Hijria, alilikataa shauri la namna hii, la mtu kufuata alionalo jema bila ya asli ya kulipimia.

Lakini asidhani msomaji kuwa asemaye pamba ina zaka amekosa adabu. Abu Hanifa ameiwajibisha, wala hakufuata thamani. Alishika ujumla wa nasi, kwamba kila kinyweshwacho na mbingu kina fungu la kumi. Hiyo ni hoja iliyo na mizizi, na kwa ajili yake hapana ijmai katika pamba. Mshafii haimlazimu, wala hana haki ya kumkemea Mhanafi.

Na mkulima Mshafii aliyeuza pamba yake hakuepuka zaka kabisa. Fedha aliyoipata, ikifika nisabu na ikakaa mkononi mwake mwaka mzima wa mwezi, hutoa humo 2.5 katika kila 100, kwa zaka ya fedha.